Naomba ushauri: dhamana ya hoteli Malindi na tengo la hasara

Wakuu, habari za kazi. Tunakagua mkopo wa hoteli moja ya Malindi, salio milioni 80, riba halisi 14%. Benki imeuweka hatua ya 2 kwa kuwa umechelewa siku 75. Lakini ulipangwa upya mara mbili, kila mara ukikaribia siku 90, na wageni hawajarudi. Kwangu mimi huo ni hatua ya 3 chini ya IFRS 9. Siku 90 si kichaka cha kujifichia.

Kinachonisumbua zaidi ni dhamana. Mthamini ametoa milioni 84 kwa mauzo ya haraka. Ukitoa gharama za kuuza 10%, inabaki 75.6. Benki inadhani itauza ndani ya mwaka 1, hivyo thamani ya leo ni 66.3 na pengo 13.7. Ikichukua miaka 3, inashuka hadi 51, pengo linafika 29.

Muda ndio unaoamua kila kitu. Je, mnaupima kwa ushahidi gani: minada iliyopita ya benki yenyewe, au kesi za zuio mahakamani? Na hoteli zilizouzwa ni chache, mnafanyaje?