Mrejesho: ramani ya msongamano wa watu, sensa 2022

Niliuliza: "Ramani yangu ya mikoa ina kijani mpaka nyekundu, msomaji asiyetofautisha rangi hizo haioni, nifanyeje?"

Jamani asanteni, imekubali. Kumbe madaraja nayo yalikuwa shida, `Equal Interval` ilivutwa na Dar na Mjini Magharibi zenye watu zaidi ya 3,000 kwa kilomita ya mraba, karibu mikoa yote ikabaki rangi moja. Nimekata mwenyewe kwenye 50, 100, 200 na 1,000, nikaweka `Blues`, nyepesi kwa wachache nzito kwa wengi. Kwenye QGIS `View > Preview Mode` nikaigiza asiyeona kijani, madaraja yote matano yanasomeka. Nilijaribu saba, mawili ya katikati yakafanana hata kwangu, nikarudi matano.