Mjadala: Ofisi ya uhasibu ijitofautishe vipi kwa wenye viwanda vidogo?

Mleta mada: Wadau, ofisi yetu ya uhasibu ina watu wanne, na tunataka wateja wenye viwanda vidogo: chuma, useremala, sabuni, plastiki. Kila tunapobisha hodi tunaambiwa, "Mhasibu tunaye, nyie mnachaji ngapi?" Tujitangaze kuwa wabobezi wa viwanda, au tukubali kwamba uhasibu ni uhasibu na tushindane kwa bei?

Karani wa Leja: Shindaneni kwa bei na kasi. Mwenye kiwanda anataka ritani za kodi ziende kwa wakati, mishahara ikokotolewe sawasawa, na benki ikiomba hesabu zipatikane. Hayo ofisi yoyote makini inayafanya, na ikiyafanya vizuri majibu yanafanana. Kuandika "wabobezi wa viwanda" kwenye kadi hakumwonyeshi chochote ambacho mhasibu wake hampi.

Mhasibu wa Gharama: Kuhusu kadi nakubaliana na Karani. Kuhusu bei, hapana. Mwenye kiwanda anatuona sote ni wamoja kwa sababu anachokiona kutoka kwetu ni hesabu za mwaka tu, na hizo kweli zinafanana. Tofauti iko ndani ya jumla, mahali ambapo hesabu za mwaka hazifiki.

Chukueni karakana ya chuma inayotengeneza meza 80 na kabati 80 kwa mwezi. Meza inakula malighafi ya 100 na ujira wa 20, na inauzwa 175. Kabati ni bati jembamba: malighafi 60, ujira 20, inauzwa 130. Kodi ya jengo, umeme, msimamizi na matengenezo ni 6,400 kwa mwezi. Karakana nyingi hugawa gharama hizo kwa kuongeza asilimia juu ya malighafi. Hapa malighafi yote ni 12,800, kwa hiyo wanaongeza 50%. Meza inatoka 170 na faida yake ni 5. Kabati inatoka 110 na faida yake ni 20. Mwenye karakana anawasukuma wauzaji wake walete oda za kabati.

Sasa simama kando ya mashine ya kukunja bati ukiwa na saa mkononi. Meza inaitumia nusu saa. Kabati ina mikunjo mingi, inaitumia saa 2. Kwa mwezi ni saa 200, na 6,400 ukizigawa kwa saa hizo ni 32 kwa saa. Meza inabeba 16 na kugharimu 136, faida 39. Kabati inabeba 64 na kugharimu 144, yaani kila moja inayotoka mlangoni ina hasara ya 14.

Jumlisheni kwa njia zote mbili: faida ya mwezi ni 2,000 ile ile. Kodi ya mapato haibadiliki hata senti. Ndiyo maana mhasibu anayeishia kwenye ritani hawezi kuliona jambo hili, hata awe hodari namna gani.

Fundi Bati: Basi jibu ni wazi, kabati ziachwe kesho asubuhi. Mhasibu akinipa jibu la namna hiyo ningemlipa.

Mhasibu wa Gharama: Ukiziacha kesho asubuhi utaumia, mkuu, na aliyekushauri utamfukuza. Kodi ya jengo na mshahara wa msimamizi haviondoki pamoja na kabati. Kila kabati inaacha 50 baada ya kulipa malighafi na ujira, ikiwa ujira unalipwa kwa kipande. Kabati 80 zinaleta 4,000. Ziondoe bila kuweka kitu mahali pake, na faida ya 2,000 inageuka hasara ya 2,000.

Swali ni kama mashine imejaa na kama meza zaidi zina wanunuzi. Meza inaacha 55 kwa nusu saa, sawa na 110 kwa saa ya mashine. Kabati inaacha 25 kwa saa. Oda za meza zikiwepo, saa 2 za kabati moja zinatoa meza nne, ambazo ni 220 badala ya 50. Zisipokuwepo, endelea na kabati huku ukijaribu kuipandisha bei au kupunguza mikunjo.

Mwenye Sabuni: Samahani, mimi natafuta programu ya kompyuta ya kunitolea gharama ya kila kipande. Natengeneza sabuni ya mche na ya maji. Ipi nzuri? Mhasibu wangu huniuliza stoo mwisho wa mwaka, nami namkadiria.

Mkaguzi: Ndugu, programu italipokea kadirio lako na kukurudishia likiwa na desimali mbili. Anza na daftari la stoo: mafuta na soda vilivyotoka kwa kila pishi, na uzito wa sabuni iliyopatikana. Pishi likitoa pungufu ya kawaida kwa vipimo vile vile, pengo hilo ndilo upotevu wako. Kisha hesabu stoo kwa mkono kila mwisho wa mwezi, kwa kuwa stoo iliyokadiriwa juu inaonyesha faida ambayo haipo, na kodi yake utailipa.

Nirudi kwenye mada, nina tahadhari juu ya ile 32 kwa saa ya mashine. Mwezi wenye oda chache mashine ikifanya saa 100 tu, hesabu hiyo hiyo itatoa 64 kwa saa. Mwenye karakana atapandisha bei, oda zitapungua, na mwezi ujao kiwango kitapanda tena. IAS 2, kanuni ya kimataifa ya hesabu za stoo, inataka gharama zisizobadilika zigawiwe stoo kwa uwezo wa kawaida wa kiwanda, na kwa bei pia huo ndio mwendo salama. Saa zilizolala zionyeshwe peke yake kama hasara ya mwezi.

Halafu, kama ofisi yenu ndiyo inayomkagua mteja huyo, msimtengenezee hesabu za gharama zitakazoingia kwenye thamani ya stoo. Mtakuwa mnakagua kazi yenu wenyewe.

Mleta mada: Nimeanza kuelewa. Sasa mlangoni niseme nini, na kazi hii ya kwanza niichaji vipi?

Mhasibu wa Gharama: Usijieleze, uliza: "Oda mbili zikija leo na mashine inatosha moja, unachukua ipi, na kwa nini?" Akijibu "ile yenye bei kubwa", umeshajua pa kuanzia.

Kisha mwombe kazi ndogo yenye mpaka: bidhaa mbili, wiki tatu, ada moja iliyotajwa mwanzoni. Chukua ankara za manunuzi na bili za umeme. Pima angalau vipande kumi vya kila bidhaa kwenye mashine inayochelewesha wengine, pamoja na muda wa kubadilisha mipangilio, maana hapo ndipo oda ndogondogo zinapokula saa. Pima pia mabaki ya bati. Mletee ukurasa mmoja, na kabla ya kumkabidhi umwonyeshe msimamizi wa karakana. Akisema "kabati haichukui saa 2," rudini mkapime pamoja. Mkishindana mbele ya mwenye mali, ukurasa wako umekufa hapo hapo.

Karani wa Leja: Hesabu naikubali. Wasiwasi wangu ni mwezi wa nne tangu uanze kazi. Ukurasa ameshaupata, mashine ni ile ile, kwa nini aendelee kukulipa zaidi ya yule wa ritani?

Mhasibu wa Gharama: Bei ya bati ikibadilika, ukurasa umepitwa. Akipokea bidhaa mpya, hana kipimo chake.

Karani wa Leja: Msimamizi aliyekuona ukipima mara moja atapima mwenyewe.

Fundi Bati: Kwangu angepima. Ila bei ya oda kubwa bado ningempigia simu mhasibu kabla sijaitaja.