Kikundi cha familia, Mikindani: aya ya kwanza ya Salma

Salma: Shikamooni wakubwa. Andiko la mkopo la kikundi chetu cha kubangua korosho linakwenda halmashauri Jumatatu, kwenye zile asilimia 4 za mikopo ya wanawake. Ukurasa wa kwanza nimeweka yale maelezo ya dakika mbili tuliyofundishwa semina, ya kumweleza mtu biashara yako mkiwa kwenye lifti. Yamefika maneno 230. Nataka yawe aya moja.

Babu Mdogo: Marahaba. Lifti kesho ipo, naenda Masasi saa 12 asubuhi. Nafasi mbili tu.

Salma: 😂 Siyo lifti hiyo babu.

Shangazi Rehema: Tuma maneno yenyewe.

Salma: Yanaanza: "Mkoa wa Mtwara umebarikiwa zao la korosho. Sisi ni akina mama 7 wenye ari na malengo makubwa, tulianza katika mazingira magumu..." Yanakwenda hivyo, kisha mwishoni: "Mwezi uliopita hoteli mbili na duka moja walitaka kilo 60 tukashindwa, kwa kuwa jiko letu la mkaa linakausha kilo 2 tu kwa siku."

Shangazi Rehema: Hiyo ya mwisho ndiyo ianze. Ukisema kwa mdomo unamzungusha mtu kwanza ili akuzoee, na unarudia kwa sababu hawezi kurudisha sauti nyuma. Kwenye karatasi anarudi mwenyewe kusoma, kwa hiyo ule mzunguko wote unamchosha bure. Halafu funika jina la kikundi usome sentensi ya kwanza. Hata mtu wa Tandahimba anayeuza magunia angeweza kuiandika.

Mjomba Issa: Mimi ningeanza na soko. Watanzania tumepita milioni 60, kila mmoja akila robo kilo tu!

Shangazi Rehema: Kaka, ni kweli lazima soko lionekane. Ila hao milioni 60 hawajamwagiza Salma chochote. Hoteli mbili zimeagiza.

Juma: Dada Salma, kwa nini kilo 2 tu? Afisa atauliza.

Salma: Moto wa mkaa haulingani. Zilizo karibu na mkaa zinababuka, za mlangoni zinabaki na unyevu, ganda la ndani linang'ang'ania. Ukikwangua, korosho inakatika. Hoteli wanataka nzima, vipande hawachukui. Kwa hiyo tunapanga chache na kuzigeuza mara kwa mara.

Shangazi Rehema: Vizuri, hayo yakae ukurasa wa uzalishaji. Kwenye aya ya kwanza taja jiko tu. Na hizo kilo 60 wanataka kila mwezi?

Salma: Hoteli kila mwezi, kilo 25 kila moja. Duka lilitaka 10 mara moja tu, kwa ajili ya harusi.

Shangazi Rehema: Basi andika 50. Sasa hivi mnauza ngapi?

Salma: 44, siku 22 za kazi. Ila kwenye jedwali la ukurasa wa 9 nimeweka mauzo 132, maana oveni mpya inakausha kilo 6 kwa siku.

Mjomba Issa: Acha 132, inavutia.

Shangazi Rehema: 132 ni uwezo wa oveni. Walioomba ni 44 na 50, yaani 94. Aya ikisema 94 na jedwali 132, afisa ataacha kuamini zote mbili. Rekebisha jedwali, na faida uipige upya.

Salma: Sawa. Nimeandika hivi:

"Kila mwezi tunakataa oda za kilo 50 za korosho karanga nzima kutoka hoteli mbili za Mtwara mjini. Sisi ni wanawake 7 wa Mikindani, tunabangua kwa mkono na kuuza kilo 44 kwa mwezi. Kinachotubana ni jiko la mkaa linalokausha kilo 2 kwa siku. Tunaomba mkopo wa shilingi 6,800,000 kununua oveni ya kilo 6 kwa siku na mashine ya kufungia pakiti, ili tuuze kilo 94."

Juma: Nimemsomea mama mara moja, nikamwuliza ameshika nini. Kasema, "Wanarudisha wateja kwa ajili ya jiko." Hela hakuikumbuka.

Mjomba Issa: Ndiyo maana nasema hela itoke hapo. Hujapiga hodi ushaomba!

Shangazi Rehema: Afisa ana rundo mezani, kiasi ndicho atakachotafuta kwanza. Mama yake Juma hakopeshi mtu.

Mjomba Issa: Mimi bado sijakubali.

Salma: Na "kila mwezi tunakataa", ni miezi miwili tu mpaka sasa.

Shangazi Rehema: Basi andika "miezi miwili mfululizo tumekataa". Una ushahidi wa hizo oda?

Salma: Meseji za simu tu.

Shangazi Rehema: Zichapishe uziambatishe. Afadhali zaidi hoteli wakuandikie barua yenye muhuri.

Salma: Sawa shangazi. Babu, ile lifti bado ipo? Fundi wa oveni yuko Masasi, nikachukue proforma.