Tupeane uzoefu: sampuli ilikuwa nzuri, mzigo ukaja mwingine

Mchuuzi wa Tandika: Ndugu zangu, mwaka jana niliagiza fulana 400 za pamba kutoka kwa muuzaji wa jumla wa Guangzhou niliyempata mtandaoni, baada ya kuletewa sampuli moja kwa ndege. Sampuli ilikuwa nzito na kola yake imetulia. Mzigo ulipofika kwa meli, niliinua fulana moja dirishani nikaona vidole vyangu upande wa pili. Muuzaji alishikilia kwamba kitambaa ni kilekile. Wenzangu mnajikingaje?

Mama Boksi: Kosa lako ni kuchukua moja. Mimi huchukua tano, ninazifua mara tatu na kupima urefu kabla na baada. Zikipita, ninatuma fedha yote.

Mzoefu wa Kariakoo: Kufua ni sahihi, dada, lakini kutuma fedha yote ndipo unapojifunga. Sampuli huonyesha kiwanda kinaweza nini, haionyeshi kitakachoshonwa baada ya malipo.

Kwa fulana, neno “nzito” halitoshi. Kata kipande cha sentimita 10 kwa 10, mbali na mishono, ukipime kwa mizani ya sonara inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, kwa kuwa ya jikoni haitakusaidia. Ukipata gramu 1.80, kitambaa ni gramu 180 kwa mita ya mraba. Niliandika kipimo hicho kwenye oda, pamoja na kiasi kinachoruhusiwa kupungua, yaani asilimia 5. Nilidai sampuli mbili zinazofanana, tukazitia saini, moja ikabaki kwangu na nyingine kwake. Nililipa asilimia 30, na zilizobaki zikasubiri mkaguzi achague mwenyewe fulana za kupima kutoka katikati ya maboksi, kabla hayajapakiwa. Alikuta gramu 1.52, wakashona upya. Ila pamba hunyonya unyevu, na hewa yetu ya Dar mnaijua, kwa hiyo msigombane na mtu kwa tofauti ya gramu mbili au tatu kwa mita ya mraba.

Kava Tupu: Mimi ninauza kava za simu, mizani hainisaidii. Sampuli ya aina moja ya simu ilikaa vizuri, lakini katika aina nyingine tatu za mzigo uleule tundu la kamera lilikuwa limehama. Je, nidai sampuli ya kila aina, wakati nauli ya ndege inazidi bei ya kava yenyewe?

Mama Boksi: Omba zote katika kifurushi kimoja, utalipa nauli mara moja. Lakini mkaguzi kwa fulana 400, kaka, si atamaliza faida yote?

Mzoefu wa Kariakoo: Kwa oda ndogo inawezekana. Wapo wanaomtumia wakala wa mizigo afungue maboksi mawili matatu ghalani kwake, ingawa si kila wakala hukubali.

Mchuuzi wa Tandika: Nimetoka kuazima mizani kwa sonara. Sampuli yangu ni gramu 1.77, mzigo ni 1.46. Nimerudi kusoma oda yetu, na kilichoandikwa ni “pamba nzito” tu.