Tupeane uzoefu: usaili wa kundi, unaonekanaje bila kumkatisha mwenzako?

Mjukuu wa Kilosa
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu wa kike kaitwa usaili wa benki wiki ijayo, nafasi za wahitimu. Barua inasema asubuhi wanaanza na mjadala wa kundi, watu 8 meza moja, dakika 35, ndipo baadhi waitwe mmoja mmoja. Nilipoisoma nikarudi mwaka 2019 pale Posta, mimi na wenzangu saba, wasaili watatu wamekaa pembeni na makaratasi yao. Nilikuwa na hoja mbili nzuri nimeziandika. Nikasubiri nafasi. Kila nikivuta pumzi niseme, mtu kashaanza. Muda ukaisha, na kitu pekee nilichosema kwa sauti ni "nakubaliana na wenzangu". Hoja yangu ya kwanza aliisema mtu mwingine dakika ya ishirini, watu wakaitikia kwa vichwa. Meseji ya kunishukuru kwa kushiriki ilikuja baada ya siku 4.

Binti huyu ni mpole kuliko mimi, na sitaki afundishwe kubwatuka. Mliopita huko, mliopata na mliokosa, semeni mlifanyaje.

Kipanga wa Makambako
"Nakubaliana na wenzangu." Aisee, umenikumbusha mbali. Ndiyo sentensi yangu pia.

Fundi Saa
Rahisi sana. Mwambie akikaa tu aseme "mimi nitatunza muda". Ukishika saa tayari una kazi, na kila ukitangaza dakika zilizobaki wote wanakutazama. Nilipita kwa njia hiyo.

Baba Nasra
Mimi nilifanya ule wa Sekretarieti ya Ajira, tulikuwa wengi mno, mtihani wa kuandika kwanza. Ushauri wangu afike mapema, abebe vyeti halisi na kitambulisho, na kalamu mbili. Kuongea huko hakuna, ni kuandika tu.

Kipanga wa Makambako
@Baba Nasra huo ni mchujo wa kuandika, kaka. Anayeulizia hapa ni ule wa kukaa meza moja mkapewa tatizo mlijadili huku mnatazamwa.

Baba Nasra
Kumbe. Huo sijawahi. Lakini vyeti abebe.

Chausiku wa Usoke
Nimesoma nikaona niandike, maana yangu sijawahi kuisimulia yote.

Ilikuwa mwaka 2022, shirika moja la maendeleo, tuko 7. Tumebandikwa namba kifuani, mimi namba 5. Tukapewa karatasi ya kurasa mbili: kata ina shilingi milioni 60, miradi mitano, chagueni. Kisima cha pampu milioni 28, ukarabati wa zahanati 25, taa za sola sokoni 18, mafunzo ya vijana 15, madawati 12. Dakika 40, halafu mmoja atoe majibu.

Namba 2 alisimama kabla hatujamaliza kusoma. Akachukua kalamu ya wino mzito, akaenda kwenye karatasi kubwa ya ukutani, akaanza kugawa kazi. Kiingereza chake kinateleza kama maji. Namba 6 naye hakukubali kuongozwa, wakaanza kushindana wao wawili. Zahanati, hapana kisima, zahanati, hapana kisima. Namba 3, binti mmoja mtaratibu, alijaribu mara mbili kusema akakatishwa zote mbili. Nilimwona anaweka kalamu chini. Moyo wangu ulikuwa unadunda hadi masikioni, kwa sababu nilijua wa kufuata kuzimika ni mimi.

Nikaacha kuwasikiliza, nikarudi kusoma. Chini ya ukurasa wa pili pameandikwa kwamba mradi wowote wenye mitambo utengewe asilimia 10 ya ziada kwa ajili ya matengenezo. Wakati huo wameshakubaliana kisima, taa na madawati, jumla milioni 58, wanapongezana. Nikapiga hesabu pembeni. Kisima kinaongeza 2.8, taa zinaongeza 1.8. Jumla inakuwa 62.6. Tumezidi bajeti.

Sikuweza kupaza sauti, sauti yangu ndogo. Nikaandika hesabu kwa tarakimu kubwa kwenye karatasi yangu, nikaisukuma katikati ya meza, nikamwambia namba 2 kwa upole: "Kaka, kabla hujaandika jumla, tuangalie mstari wa mwisho ukurasa wa pili." Wote wakafunua. Chumba kikanyamaza. Namba 6 akataka kuanza upya kabisa, zikiwa zimebaki kama dakika 11. Nikasema tusianze upya, tutoe taa tu, tuweke mafunzo: 28 na 2.8, na 12, na 15, inakuwa 57.8. Halafu nikamgeukia namba 3: "Ulikuwa unaanza kutaja vijana mwanzoni, ulitaka kusema nini kuhusu mafunzo?" Kumbe amefanya kazi ya kujitolea kwenye chuo cha ufundi. Aliongea dakika mbili, akatupa sababu ambazo hakuna kati yetu alikuwa nazo.

Namba 2 ndiye aliyesimama kutoa majibu, akasema yote vizuri. Nilitoka nimekata tamaa, nikajua kazi ni yake. Tukaitwa watatu hatua ya pili: mimi, namba 3, na mvulana namba 7 ambaye hata simkumbuki alisema nini.

Pwani Moja
Nimesoma nimesimama. Namba 2 alijisikiaje aliposikia?

Mtu wa Ruiru
Dada Chausiku, hii story yako imenifunza kitu. Huku Nairobi nilikuwa ndiye namba 2. Nikajiona nimeongoza vizuri sana, nikaongea karibu nusu ya muda. Nikapigiwa simu nikaambiwa sikufaulu. Sasa ndiyo naanza kuelewa.

Mzee wa Makabrasha
Nimekaa upande ule wa pili wa meza miaka 9, kampuni mbili tofauti. Niwaeleze kinachoandikwa kwenye yale makaratasi, maana wengi wanadhani tunaandika "mchangamfu" na "mkimya".

Kila msaili anapewa watu wake wawili, mara nyingine watatu, si kundi zima. Naandika dakika na maneno. Kwa mfano: "dk 24, na. 5 aonyesha sharti uk. 2, apiga hesabu." Au: "dk 9, na. 2 amkatisha na. 3." Wakati mjadala unaendelea sitoi alama. Mkishatoka ndipo napanga nilichoandika kwenye vipengele: kuchambua tatizo, kushirikiana, mawasiliano, kufikia uamuzi. Halafu tunakaa kikao wasaili wote, tunabishana kwa kutumia yale maandishi. Ndiyo maana namba 2 wa Chausiku huenda alipata nzuri kwenye mawasiliano na mbaya kwenye ushirikiano, na kwa kazi ile ushirikiano ukawa na uzito zaidi. Kazi nyingine, ya mauzo kwa mfano, huenda angepita.

@Mjukuu wa Kilosa, kosa lako halikuwa upole. Karatasi ya msaili wako ilibaki nyeupe, na karatasi nyeupe haina cha kutetewa kwenye kikao. Mdogo wako ahakikishe dakika tano za kwanza asipite bila kusema kitu, hata kidogo, ilimradi ni cha kazi: "Kabla hatujachagua, tukubaliane tunapima kwa nini, gharama au idadi ya watu?" Ukishasikika mara moja, mara ya pili hukabwi koo.

@Fundi Saa, kutunza muda peke yake hakuna alama. Nimewaona wengi wanatangaza "dakika kumi" kama mnara wa saa, basi. Mwenye alama ni anayesema "zimebaki dakika 10, na miradi miwili hatujaigusa, tuachane na hili la kisima".

Fundi Saa
Mzee sawa, lakini mimi nilipita. Siwezi kukana kilichonitokea.

Mzee wa Makabrasha
Ulipita, ila pengine si kwa sababu ya saa. Ulisema nini kingine mle ndani?

Fundi Saa
Nilifupisha mwishoni tulichokubaliana, maana walikuwa wameshasahau.

Mzee wa Makabrasha
Basi ndiyo hiyo.

Sauda M.
Naomba niseme jambo kuhusu hili la "kumvuta mkimya", maana naona mnalisifia. Mimi niliwahi kuvutwa. Mkaka mmoja akasema mbele ya wote: "Dada yetu hajasema kitu tangu tuanze, tumsikie." Macho yote kwangu. Nilikuwa nasoma jedwali, nimebakiza kidogo nipate jibu. Nikababaika, nikasema ovyo. Yeye akaonekana mwungwana, mimi nikaonekana sijui kitu. Alinitumia kama ngazi. Mpaka leo nikikumbuka nasikia joto usoni.

Chausiku wa Usoke
@Sauda M. pole sana dada. Mimi nilimrudisha kwenye jambo alilolianza mwenyewe akakatishwa. Kumtangaza mtu kwamba amenyamaza ni kitu kingine.

Mzee wa Makabrasha
Sauda yuko sahihi, na tunaliona. Siku hizi karibu kila kundi lina mtu aliyesoma mahali kwamba amwalike mkimya. Namwandika vizuri pale tu anapouliza swali linalojibika, tena akasubiri jibu. Wengine wanauliza na kuendelea kuongea wao.

Mwanaanga
Nyie mnazungumzia benki na mashirika. Mimi nilikwenda siku ya usaili wa shirika moja la ndege la Ghuba, walikuja mjini. Kule hawakusubiri kikao. Kila hatua ikiisha wanataja wanaobaki, wengine mnachukua mikoba. Kwenye mjadala nilisema mara tatu tu, nikawa natazama anayeongea, nataja jina lake: "Kama alivyosema Neema." Majina niliyashika tukiwa kwenye foleni. Nilibaki hadi hatua ya mwisho. Ushauri: awahi, asalimie wenzake, ashike majina. Meza ikishakujua, hawakukatishi ovyo.

Kipanga wa Makambako
Hili la majina sikulifikiria kabisa.

Pwani Moja
Swali langu kwa Mzee. Sisi tuliosoma shule za kata, Kiingereza kinatuchelewesha. Hoja ninayo, lakini nikishaipanga kichwani wameshahama. Nifanyeje? Na je, wasaili wote wana haki hiyo unayoieleza?

Mzee wa Makabrasha
Sitakudanganya. Anayeongea kwa ufasaha anatuvuta hata sisi, na nimekaa vikao ambavyo mwenzangu alitoa alama za juu, nikimwuliza mtu huyo alisema nini hasa, karatasi yake haina kitu. Mara nyingine nilimshinda, mara nyingine nilishindwa. La kufanya: jizoeze sentensi fupi tatu au nne za kuingilia hadi zitoke zenyewe, kisha acha tarakimu na karatasi zibebe kazi kama alivyofanya Chausiku. Hesabu 62.6 haina lafudhi.

Sauda M.
Kwa hiyo mwenye msaili mbaya ndiyo basi?

Mzee wa Makabrasha
Kama wenzake kwenye kikao hawakumwuliza, ndiyo.

Mjukuu wa Kilosa
Nawashukuru wote. Nimeshapiga simu kwa binamu zetu watano, Jumamosi wanakuja hapa Mbezi. Tutatumia ile kata ya Chausiku ya milioni 60, na binamu yetu Rama ndiye atakuwa namba 2, kwa sababu huyo hamwachi mtu amalize sentensi. Mimi nitakaa pembeni na karatasi, niandike dakika na maneno. @Chausiku wa Usoke, kama unakumbuka masharti mengine yaliyokuwa kwenye ule ukurasa wa pili, naomba uyaweke hapa.