MREJESHO: Hati ya uwakilishi ya dada aliyeko Maskati

Niliuliza: "Dada yuko Omani, anataka nimuuzie kiwanja chake Dodoma. Hati ya uwakilishi iandikweje?"

Wakuu, asanteni sana. Nilimfuata aliyesema maneno "kusimamia mali zangu zote" hayatoshi. Wakili akataja namba ya kiwanja, kitalu na namba ya hati, kisha mamlaka moja moja: kuuza, kusaini mkataba wa mauziano na fomu za uhamisho. Fedha tukaandika ziingie akaunti ya dada moja kwa moja, mnunuzi akatulia kabisa. Dada alisaini mbele ya ofisa wa ubalozi wetu Maskati, picha zetu zikiwa zimebandikwa. Nakala halisi ilipofika nikalipia ushuru wa stempu, ikasajiliwa kwa Msajili wa Hati.

Uhamisho wenyewe bado. Shemeji naye ana haki kwenye kiwanja, na hati ya dada haibebi ridhaa ya mume. Inabidi asaini ya kwake, naye yuko safarini. Mwenye ndoa aandae zote mbili pamoja.

Ushauri wa kuifanya hati isiyobatilika tuliuacha. Dada anataka abaki na uwezo wa kuifuta.