Mrejesho: derivativu ya x²/(x + 1) kwa namba duali

Swali langu lilikuwa: "Kwenye x²/(x + 1), x ikiwa 3, nitagawanyaje namba duali kwa mkono?"

Nashukuru, wakuu; njia ya kuzidisha juu na chini kwa 4 − ε imejibu. Nilianza na 3 + ε, ambapo ε² ni sifuri ingawa ε yenyewe si sifuri, kwa hiyo kiasi kikawa 9 + 6ε na asili ikawa 4 + ε.

```
(9 + 6ε)(4 − ε) = 36 + 15ε
(4 + ε)(4 − ε) = 16
```

Jibu ni 2.25 + 0.9375ε: sehemu ya kwanza ni thamani, na kigawo cha ε ni derivativu kamili, yaani 15/16. Kwa kulinganisha, nilisogeza x hadi 3.001 na kugawanya tofauti kwa 0.001, nikapata takriban 0.93752, kwa kuwa njia hiyo hubakiza kosa dogo ambalo ε haina.

Kwenye x = −1 hesabu hukwama, kwani asili hubaki ε tupu, ambayo haina kinyume. Vigeu vikiwa viwili, kila kimoja hudai mzunguko wake, kingine kikipewa sifuri mbele ya ε.